Tofali, saruji, mbao au chuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nishati iliyofumbatwa kwenye nyumba

Maswali haya huulizwa sana na kamati za ujenzi, mafundi na watu wanaojenga kwa mara ya kwanza. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Ili majibu yasielee hewani nimechukua nyumba moja ya mfano, nikaihesabu kifaa kwa kifaa, kisha nikaizidisha kwa 20 kana kwamba ni mradi wa nyumba 20 nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nimeuchagua mji huo kwa sababu fundi wa huko ana karibu kila kitu mbele yake: bloku, tofali za kuchoma, tofali za kufungamana, udongo mzuri chini ya miguu, na barabara kuu inayoshusha mbao kutoka Mafinga.

Nishati iliyofumbatwa ni nini?

Ni nishati yote iliyokwisha kuliwa kabla kifaa hakijawekwa ukutani. Ukishika mfuko wa saruji, ndani yake kuna mafuta ya mtambo uliochimba mawe ya chokaa, gesi au makaa yaliyochoma tanuri hadi nyuzi 1,450, umeme uliosaga, na dizeli ya lori. Huwezi kuiona wala kuirudisha, lakini ilitumika. Haihusiani na umeme utakaowasha taa ukishahamia.

Kipimo chake ni megajuli, kwa kifupi MJ. Kama neno hilo halikuambii kitu, kumbuka kwamba lita moja ya dizeli ina takriban MJ 36, na kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina takriban MJ 16. Kwa vipimo hivyo viwili unaweza kugeuza karibu kila tarakimu iliyo hapa kuwa madumu ya mafuta au mizigo ya kuni.

Nimeona jedwali linasema saruji MJ 5 kwa kilo na tofali la kuchoma MJ 3 tu. Kwa hiyo tofali la kuchoma ni nafuu zaidi?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jedwali halijakosea, ila kilo si kipimo cha ukuta. Hakuna anayejenga ukuta kwa saruji tupu. Mita moja ya mraba ya ukuta wa bloku za inchi 6, pamoja na lipu pande zote mbili, inatumia karibu kilo 31 za saruji, na uzito mwingine wote ni mchanga, ambao haujachomwa. Mita hiyo hiyo ikijengwa kwa tofali za kuchoma ina zaidi ya kilo 130 za tofali, na kila kilo kati ya hizo imepita motoni.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika, ukiwa na mota yake na lipu yake, imekula MJ ngapi? Majibu yote yanayofuata yanakwenda kwa kipimo hicho.

Hiyo nyumba ya mfano ikoje?

Ni mita 8 kwa 8, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo. Ukijumlisha kuta za nje na za ndani unapata urefu wa mita 52. Kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa milango na madirisha, zinabaki mita za mraba 120 za ukuta. Msingi ni wa mkanda wa zege, jamvi lina unene wa sentimita 10, juu kuna linta ya kuzunguka yenye nondo nne, kisha kenchi za mbao na bati. Madirisha ni ya alumini, maana siku hizi ndiyo yanayoombwa na kila mtu.

Viwango vya MJ kwa kilo nimeviegemeza kwenye kanzidata iliyotengenezwa na Geoff Hammond na Craig Jones wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, isipokuwa pale ambapo hali yetu ni tofauti kabisa na ya kwao. Pale nimehesabu upya, na nitasema.

Tuanze na bloku. Zinakula kiasi gani?

Bloku la inchi 6 lina uzito wa karibu kilo 30. Mfyatuaji mwaminifu hutoa bloku 30 kwa mfuko wa kilo 50, yaani kilo 1.7 za saruji kwa kila moja. Saruji hiyo ni kama MJ 8, mchanga unaongeza 2, jumla inazidi MJ 10 kidogo. Mita ya mraba inachukua bloku 9, kwa hiyo tuko kwenye MJ 95. Mota inaongeza karibu 35, na lipu ya pande mbili 55. Jumla ni MJ 185.

Zidisha kwa mita 120: ukuta wote unafika MJ 22,200, sawa na pipa tatu za dizeli na ushei.

Angalia lipu ilivyo nzito. Karibu theluthi moja ya nishati ya ukuta ni ile ngozi ya nje na ndani, ambayo haibebi paa. Mteja akikubali bloku zionekane upande mmoja tu, tena zimepigwa kifuti safi, amepunguza zaidi kuliko atakavyopunguza kwa kubana saruji kwenye bloku zenyewe.

Na kubana huko kuna malipo yake. Niliwahi kupokea shehena ya bloku ambazo, nilikuja kujua baadaye, zilifyatuliwa 45 kwa mfuko. Zilipangwa juani bila kumwagiliwa hata mara moja. Ukisugua kona kwa kidole gumba, mchanga unamwagika kama sukari. Tulipozishusha zilivunjika nyingi mno, na zilizobaki ziliingizwa kwenye uzio maana hazikufaa kubeba linta. Saruji iliyomo kwenye bloku lililovunjika imeliwa bure, na unainunua tena.

Lakini tofali za kuchoma ni udongo wetu na kuni zetu. Inawezekanaje zizidi saruji?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Nenda kwenye tanuru lolote pembezoni mwa mji jioni ya siku ya pili ya kuchoma. Utaona rundo refu kuliko mtu, limekandikwa tope nje, midomo mitatu au minne chini inayomeza magogo, na moshi unaopenya kila ufa. Ukisimama hatua tano unapigwa na joto usoni. Joto hilo linalokupiga usoni, na lile linalopanda na moshi, halijaivisha tofali.

Kinadharia kuivisha tofali hakuhitaji nishati kubwa. Kukausha maji yaliyobaki kwenye udongo, kuupasha hadi nyuzi 900 hivi na kuvunja maji yaliyofungamana na madini yake, vyote kwa pamoja vinahitaji karibu MJ 1.3 kwa kilo. Kinachofuata ni hasara. Chukua tanuru la tofali 10,000 zenye kilo 2.8 kila moja, yaani tani 28. Likimeza Fuso moja la kuni, tani 7, tumeingiza MJ 112,000. Gawa kwa kilo 28,000: unapata MJ 4 kwa kila kilo. Kati ya hizo, zaidi ya mbili na nusu zimekwenda angani. Ile MJ 3 ya jedwali la Uingereza ni ya viwanda vyenye matanuri ya kudumu, kwa hiyo hapa siitumii.

Sasa turudi kwenye ukuta. Nimechukua ukuta mwembamba kabisa, wa tofali moja kwa ubavu, unene wa inchi 4 hivi. Mita ya mraba inakula tofali 47. Nyumba nzima inahitaji 5,640, lakini hakuna tanuru linalotoa tofali zote zimeiva. Za pembeni hubaki mbichi, za karibu na mdomo huyeyuka na kugandana, nyingine hukatika njiani. Hivyo unachoma 6,500 ili upate hizo. Kuni zake ni tani 4.5, sawa na MJ 73,000. Ongeza mota na lipu ya ndani, ukuta unavuka MJ 80,000.

Nyumba yote ya bloku, kuanzia msingi hadi bati na vioo vya madirisha, inafika kama MJ 74,000. Kwa maneno mengine, kuta peke yake za tofali za kuchoma zimekula zaidi ya nyumba nzima ya bloku. Na hapo bado hatujajenga ukuta mnene wa inchi 9, ambao unazidisha mara mbili.

Kuni si zinaota tena? Saruji haioti.

Ni hoja nzuri, na inatulazimu kutenganisha vitu viwili. Nishati ni nishati, iwe ya mwembe au ya gesi. Ukihesabu MJ unazihesabu zote. Hewa ya ukaa ndiyo inayotegemea mti ulipotoka.

Kuni zikitoka shamba la milingoti linalokatwa na kuchipua tena, ukaa unaotoka leo utarudishwa na machipukizi ndani ya miaka michache. Zikitoka kwenye msitu wa miombo unaogeuzwa shamba la mahindi, haurudi. Tani 4.5 za kuni hutoa karibu tani 8 za hewa ya ukaa. Saruji yote ya kuta za bloku kwenye nyumba ile ile, kilo 3,700, inatoa karibu tani 3. Kwa hiyo muulize mwenye tanuru swali moja kabla ya bei: kuni hizi zimekatwa wapi? Akijibu kwa kuonyesha mlima kwa kidevu, umeshapata jibu.

Kwa mradi wa nyumba 20 tunazungumzia tani 90 za kuni, yaani Fuso 13. Jaribu kuziona zimepangwa kwenye foleni moja.

Tumeshaamua kuchoma. Tupunguze vipi?

Kwanza kausheni. Tofali likiingia tanuruni na unyevu, kuni za siku ya kwanza zote zinachemsha maji. Livunje moja katikati: rangi ya ndani ikiwa nyeusi kuliko ya nje, bado. Kuni nazo vivyo hivyo. Gogo bichi hutoa karibu nusu tu ya joto la gogo lililokauka.

Pili, chomeni tanuru moja kubwa badala ya madogo matatu. Hasara inatoka kwenye ngozi ya tanuru, na rundo kubwa lina ngozi ndogo kwa kila tofali. Kandikeni tope zito na zibeni nyufa zinapotokea, usiku pia, si asubuhi mkiamka.

Tatu, kama mko karibu na mashine za kukoboa mpunga, tumieni pumba. Ina MJ 13 hadi 14 kwa kilo, na sehemu nyingi huishia kuchomwa bure nyuma ya mashine. Hapo MJ hazipungui sana lakini msitu umesalimika.

Kujua kama zimeiva, gonganisha mbili. Iliyoiva inalia kama kigae, isiyoiva inatoa sauti butu. Ukiwa na shaka loweka moja usiku kucha. Mbichi itaanza kumeguka kabla ya alfajiri.

Tofali za kufungamana zinasifiwa sana. Ni kweli?

Ni kweli, lakini si kwa sababu inayotajwa. Watu husema zinatumia saruji kidogo. Tuhesabu. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10 lina kilo 8.5, na mita ya mraba inakula 33. Mkitoa tofali 70 kwa mfuko, mita hiyo inabeba karibu kilo 24 za saruji. Ukuta wa bloku usio na lipu una kilo 21! Ukiishia hapo, bloku limeshinda.

Tofali la kufungamana linashinda kwa yale yanayoachwa. Halihitaji mota isipokuwa kozi ya kwanza na sehemu chache, na uso wake ukiwa safi halihitaji lipu. Ukuta wake unakamilika kwa MJ 130 dhidi ya 185 za bloku lililopigwa lipu. Mwenye nyumba akija baadaye akaamua kulipiga lipu nje na ndani "ili lipendeze", amerudi kule kule alikokimbia. Nimeona hili likitokea kwa nyumba ambazo bado zilikuwa na harufu ya rangi.

Ukitaka kushuka zaidi, shughulika na udongo. Udongo wa kichanga wenye mfinyanzi kiasi unaweza kufyatuliwa hadi tofali 100 kwa mfuko, na hapo ukuta unashuka hadi MJ 95. Udongo wa mfinyanzi mwingi hauwezi: tofali linasinyaa na kupasuka, na fundi anaongeza saruji kuficha tatizo. Kipimo cha haraka ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Kijaze udongo uliolowa, ukaushe kivulini kwa wiki, upime pengo lililobaki mwishoni. Kadiri pengo linavyokuwa kubwa ndivyo udongo unavyodai saruji zaidi au kuchanganywa na mchanga. Udongo tuchote chini ya tabaka la juu lenye mizizi, si hapo hapo juu.

Na tofali mbichi za udongo, zile za babu?

Kwa nishati hakuna kinachozikaribia. Zimekaushwa na jua, zimefyatuliwa kwa mikono, na gari halikuhusika. Pamoja na lipu ya udongo yenye chokaa kidogo naweka MJ 30 kwa mita, yaani 3,600 kwa nyumba nzima.

Tatizo lake ni maji, wala si nguvu. Ukuta mnene wa tofali mbichi unabeba paa la bati bila shida. Unachobomoka nacho ni mvua inayodunda chini na kurukia sentimita 30 za kwanza za ukuta. Kwa hiyo msingi wa mawe au bloku uinuke juu ya ardhi angalau kimo hicho, na paa litokeze nje sentimita 90 badala ya 60. Mtokezo huo si wa bure: unaongeza kama mita za mraba 12 za bati, MJ 1,600 hivi. Bado hesabu inalipa mara kumi.

Kosa ambalo linaua nyumba hizi ni kuzipiga lipu ya saruji. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo unatanuka na kusinyaa nyuma yake. Baada ya misimu miwili ya mvua unagonga ukuta unasikia uwazi, kisha kipande kizima kinadondoka na kuondoka na ngozi ya tofali. Lipu ya udongo inahitaji kurudiwa kila baada ya mvua chache. Anayechagua ukuta huu achague na kazi hiyo.

Mbao je?

Majedwali ya Ulaya huipa mbao MJ 7 hadi 10 kwa kilo, kwa sababu kule hukaushwa kwenye vyumba vya joto. Paini ya Sao Hill inapasuliwa Mafinga na mara nyingi inakaushwa kwa upepo, imepangwa kwa mikingamo. Kupasua na kuisafirisha kilomita 400 hivi hadi Morogoro hakufiki MJ 2 kwa kilo. Kenchi na papi za nyumba yetu, kama tani moja, ni MJ 2,000, kidogo kuliko kitu kingine chochote kwenye jengo.

Kinachoharibu hesabu ya mbao ni kuibadilisha. Mbao mbichi ikipigiliwa leo itajipinda kesho, na isiyotiwa dawa italiwa na mchwa. Kenchi ikirudiwa baada ya miaka minane, bati juu yake nalo linatobolewa upya na mara nyingi linatupwa.

Chuma kiko wapi kwenye nyumba ndogo kama hii?

Juu ya kichwa chako. Paa letu ni mita za mraba 95. Bati la unene wa milimita 0.4, ukihesabu migongo na mapandio, lina karibu kilo 3.8 kwa mita. Hizo ni kilo 360, na chuma cha bati hutokana na madini mapya, karibu MJ 35 kwa kilo. Paa limekula MJ 12,600, zaidi ya nusu ya kuta zote za bloku.

Usikimbilie bati jembamba. Linaokoa nishati siku ya kununua, na linadai yote siku ya kubadilisha, hasa pwani kwenye chumvi. Pia usiamini mhuri ulioandikwa juu ya bati. Pima unene kwa kipimo cha fundi mitambo au weka bati moja kwenye mizani.

Nondo ni hadithi tofauti. Nondo nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki zimeyeyushwa kutoka chuma chakavu, na kuyeyusha chakavu kunakula karibu theluthi moja ya kuanza na mawe ya madini. Nondo moja ya milimita 12 yenye mita 12 ina kilo 10.7: ya chakavu ni kama MJ 120, ya madini mapya inazidi 300. Linta yetu ina kilo 235 za nondo na ringi. Tofauti hapo ni zaidi ya MJ 4,000, na kwa macho nondo zinafanana.

Kuna tofauti kati ya saruji ya 32.5 na 42.5?

Kubwa. Sehemu ghali ya saruji ni klinka, ile iliyochomwa tanurini. Saruji nyingi za 32.5 zimechanganywa na pozolana, majivu ya kale ya volkano yanayochimbwa maeneo kama Songwe na Holili, ambayo husagwa tu bila kuchomwa. Kwa lipu, mota na bloku, 32.5 inatosha. Iacheni 42.5 kwa linta na nguzo. Fundi anayepiga lipu kwa 42.5 kwa sababu "ni imara" anachoma nishati ya ziada na mara nyingi anapata lipu yenye nyufa.

Klinka pia ndiyo inayofanya ukaa wa saruji uzidi ule wa mafuta yake. Jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa huachia gesi: kilo 100 za chokaa safi hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, hata kama moto ungekuwa wa jua. Kiwanda cha Wazo Hill kilihamia gesi asilia ya Songo Songo mwaka 2004, na moshi wa mafuta ukapungua, lakini hizo kilo 44 hazikuguswa.

Usafiri unachangia kiasi gani?

Inategemea kinachobebwa. Lori kubwa lililojaa, pamoja na safari ya kurudi tupu, linakula karibu MJ 1 kwa kila tani kwa kilomita. Saruji ikisafiri kilomita 200 inaongeza MJ 0.2 kwenye 5, haishtui. Mchanga ni kinyume. Kuuchimba ni MJ 0.08 tu kwa kilo, na lori dogo la tani 7 likiuleta kutoka mto ulio kilomita 40 limeshazidisha mara mbili. Tafuta mchanga karibu. Saruji inaweza kutoka mbali kidogo.

Ukijumlisha yote, mradi wa nyumba 20 ujengwe kwa nini?

Nyumba ya bloku ilikuwa MJ 74,000. Ya tofali za kuchoma inafika 134,000. Ya kufungamana, bila lipu, 67,000. Ya tofali mbichi, 57,000.

Tazama hizo mbili za mwisho. Ukuta wa udongo umekaribia sifuri, lakini nyumba bado ina 57,000, kwa sababu msingi na jamvi peke yake ni 22,500, sawa na kuta zote za bloku. Fundi akimwaga jamvi la sentimita 15 badala ya 10 kwa sababu ardhi haikusawazishwa, ameongeza MJ 5,000 kwa siku moja. Na yale madirisha manane ya alumini, kilo 48 tu za fremu, ni MJ 7,000 na zaidi. Kuyabadilisha kwa fremu za mbao kunaokoa karibu sawasawa na kuhama kutoka bloku kwenda tofali za kufungamana.

Kwa kamati ya Morogoro ningesema hivi: tofali za kufungamana zisizopigwa lipu, kama kipimo cha udongo kimepita, bloku za 32.5 zilizomwagiliwa wiki nzima, kama hakikupita. Tofali mbichi kwa mwenye nyumba aliye tayari kukandika. Na tofali za kuchoma pale tu penye pumba au shamba la kuni linalojulikana. Fremu ziwe za mbao kwa wote.

Nikiwa saiti, niandike nini ili nijue hesabu yangu si ya kubuni?

Daftari moja na safu nne zinatosha: mifuko ya saruji iliyofunguliwa leo, imefanya kazi gani, bloku au tofali ngapi zimetoka, na ngapi zimevunjika. Kwa tanuru ongeza uzito wa kuni. Pimeni gari kwenye mizani likiwa limejaa, kisha tupu. Ijumaa jumlisha. Mifuko ikizidi ile iliyomo kwenye makadirio, nenda kwanza kwenye jamvi ukachimbe kashimo upime unene wake, kisha ndipo umwulize fundi.